Ramani mbili za mita za mraba 96: nyumba ya mstatili au ya herufi L?

Mtu anayejenga kwa mara ya kwanza mara nyingi hupokea ramani kama picha ya simu. Karatasi imekunjwa, mwanga umeangukia upande mmoja, na namba za pembeni zinasomeka nusu. Hapa nina ramani mbili za namna hiyo. Zote zina vyumba 3 vya kulala, sebule, jiko, choo cha wote na choo ndani ya chumba kikuu. Zote zimeandikwa mita za mraba 96. Anayetazama orodha ya vyumba tu ataona ni nyumba moja iliyochorwa mara mbili, lakini sivyo. Nitazieleza kwa maneno ya kawaida, kisha nionyeshe pesa inapokwenda katika kila moja.

Kwanza jambo moja kuhusu picha yenyewe. Usiweke rula juu ya skrini wala juu ya nakala uliyochapisha kutoka kwenye simu. Pembeni mwa ramani huandikwa kipimo kama 1:100, maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Hilo ni kweli kwa karatasi ya asili peke yake. Picha hubadilisha ukubwa, na ikipigwa kwa kuinama, upande ulio mbali na simu huonekana mfupi kuliko ulivyo. Kinachoaminika ni namba zilizoandikwa, na kwa kawaida ziko katika milimita: 3250 ni mita 3 na robo.

Namba hizo zina njia ya kujikagua zenyewe. Kwenye ramani ya mstatili, ukuta wa mbele una mlolongo huu: 200, 4800, 150, 3250, 150, 3250, 200. Namba 200 ni unene wa ukuta wa nje, 150 ni unene wa ukuta wa ndani, na zilizobaki ni upana wa vyumba. Ukizijumlisha unapata 12000, na ndiyo namba kubwa iliyoandikwa juu ya mlolongo wote. Kwenye picha, 4800 ilikuwa imefifia ikafanana na 4300. Jumla ndiyo inayotoa jibu: ungesoma 4300, mlolongo ungeishia 11500 na usingelingana na 12000. Fanya hivi kwa kila mlolongo kabla ya kuhesabu tofali hata moja. Mlolongo usiofika kwenye jumla yake maana yake umesoma vibaya au mchoraji amekosea, na vyote viwili ni nafuu kurekebisha kwenye karatasi.

Ramani ya mstatili, mita 12 kwa 8

Simama mbele ya nyumba ukiitazama. Kushoto kuna sebule yenye upana wa mita 4.8 na kina cha mita 4.45. Kulia kwake, upande huohuo wa mbele, kuna vyumba viwili vya kulala vilivyopakana. Nyuma ya vyumba hivyo inapita korido ya mita 1.2 inayoanzia sebuleni na kwenda hadi mwisho wa nyumba. Ng'ambo ya korido, upande wa nyuma, vitu vimepangwa mstari mmoja kutoka kushoto: stoo, jiko, choo cha wote, choo cha chumba kikuu, kisha chumba kikuu chenyewe kwenye kona.

Ramani ya herufi L, upana mita 14, kina mita 10

Hapa kuna mabawa mawili. Bawa la mbele lina urefu wa mita 14 na kina cha mita 4.5. Kutoka kushoto kuna choo cha chumba kikuu, chumba kikuu, sebule, na mwisho kabisa kulia jiko mbele na choo cha wote nyuma yake. Bawa la nyuma limejishikiza upande wa kulia, mita 6 kwa 5.5. Ndani yake kuna korido inayotoka sebuleni na vyumba viwili vya kulala vinavyofuatana. Kona ya nyuma kushoto inabaki wazi, ndiyo ua.

Vipimo vya ndani kwa mita, vikiwekwa ubavu kwa ubavu, ni hivi:

| Sehemu | Mstatili | Herufi L |
|---|---|---|
| Sebule | 4.8 × 4.45 | 5.0 × 4.1 |
| Chumba kikuu | 3.55 × 3.0 | 4.0 × 4.1 |
| Vyumba vingine viwili, kila kimoja | 3.25 × 3.1 | 4.25 × 2.57 |
| Jiko | 3.0 × 3.0 | 2.55 × 2.45 |
| Stoo | 1.65 × 3.0 | hakuna |
| Choo cha wote | 1.4 × 3.0 | 2.55 × 1.5 |
| Korido | 1.2 × 6.65 | 1.2 × 5.3 |

Tofauti ya kwanza inayorukia macho ni chumba kikuu. Kwenye herufi L kina zaidi ya mita za mraba 16, kwenye mstatili hakifiki 11. Tena kile cha mstatili kina milango miwili, wa korido na wa choo, na kiko konani kwa hiyo kuta mbili ni za nje zenye madirisha. Ukishaweka kitanda, unatafuta ukuta mtupu wa kusimamisha kabati na huupati kwa urahisi. Anayetaka chumba kikuu chenye nafasi ya kiti na meza hatakipata kwenye mstatili huu, hata ramani ikiita chumba hicho kikuu.

Vyumba vya kulala vingine vinahitaji jicho kali zaidi. Vya herufi L ni vikubwa kidogo kwa mita za mraba, 10.9 dhidi ya 10.1, lakini ni vyembamba. Chukua kitanda cha upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2. Katika chumba cha mita 2.57, ukikilaza kwa kukata upana, unabakiwa na sentimita 57 miguuni, na mtu mzima hupita kwa kujibana. Ukikielekeza kwa urefu wa chumba kinakaa, lakini lazima upande mmoja ugusane na ukuta, au uwe na vipito viwili vya nusu mita. Katika chumba cha 3.25 kwa 3.1 kitanda hicho kinakaa, kabati la kina cha sentimita 60 linakaa ubavuni, na unabaki na kipito cha zaidi ya mita moja. Kwa vitanda viwili vidogo vya watoto, chumba chembamba kinafaa zaidi, kwa sababu vitanda hufuatana ukutani na upande wa pili hubaki wazi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani atalala humo.

Hesabu milango ya sebule

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayejenga kwa mara ya kwanza alitazame, kwa sababu orodha ya vyumba haiwezi kulionyesha. Kwenye ramani, mlango huchorwa kama mstari mfupi wenye robo duara. Robo duara hiyo ndiyo njia ya mlango unapofunguka, na hapo hakuwezi kukaa kitu.

Sebule ya mstatili ina mlango wa mbele, mlango wa jiko na mdomo wa korido. Mlango wa jiko na korido viko upande wa nyuma, kwa hiyo watu hupita kwenye ukanda wa mita 1.2 nyuma ya viti. Sehemu ya kukaa inabaki mita 4.8 kwa 3.25 bila kukatizwa, ila karibu na mlango wa mbele.

Sebule ya herufi L ina mlango wa mbele, mlango wa chumba kikuu kushoto, mlango wa jiko na mlango wa choo cha wote kulia, na mdomo wa korido nyuma. Milango mitano katika chumba cha mita 5 kwa 4.1. Kila ukuta umetobolewa, na njia ya kutoka chumba kikuu hadi jikoni inakata sebule katikati. Zaidi ya hapo, choo cha wote kinafunguka moja kwa moja mbele ya wageni. Mtoto anayetoka chumbani usiku kwenda chooni lazima apite sebuleni. Sebule hii inafanya kazi ya korido, na ndiyo maana korido ya ramani hii ilionekana fupi.

Upande wa hewa na mwanga, herufi L inashinda wazi. Bawa la mbele lina kina cha chumba kimoja tu, hivyo chumba kikuu kinaweza kuwa na dirisha mbele na nyuma, na hewa ikapita. Katika mstatili, vyumba vya mbele vina migongo inayotazama korido, na korido yenyewe ni giza kama hakuna dirisha mwishoni mwake. Ukichagua mstatili, hakikisha dirisha hilo limechorwa: mistari miwili au mitatu myembamba ndani ya unene wa ukuta wa upande wa kulia.

Kuta: tofauti ipo, lakini ndogo kuliko inavyosemwa

Ukuta wa nje wa mstatili unazunguka mita 40, yaani 12 mara 2 na 8 mara 2. Wa herufi L unazunguka mita 48. Huhitaji kupima kila kipande cha L: kona iliyokatwa haipunguzi mzunguko, kwa hiyo unajumlisha upana na kina cha juu kabisa, 14 na 10, kisha mara 2. Eneo ni lilelile 96, ukuta wa nje umeongezeka kwa mita 8, sawa na asilimia 20.

Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba L ni ghali kwa asilimia 20. Hesabu kuta za ndani pia. Mstatili una takriban mita 36.5, herufi L karibu mita 29. Jumla, mstatili una kama mita 76.5 za ukuta na L kama 77. Urefu unakaribia kulingana!

Tofauti inatoka kwenye aina ya ukuta. Ukuta wa nje hapa una unene wa 200, wa ndani 150, isipokuwa ule unaotenganisha mabawa ya L, ambao nao ni 200, kwa hiyo kila mita ya ukuta wa nje hubeba vifaa zaidi kwa theluthi moja. Kwa kuta za kimo cha mita 3, bila kutoa milango na madirisha, mstatili unakuwa na kama mita za ujazo 40.5 za ukuta na L kama 42.5. Hiyo ni asilimia 5. Ongeza mita za mraba 24 za plasta na rangi ya nje, ambayo lazima istahimili mvua na jua, na kona mbili zaidi za kunyoosha kwa timazi. Msingi nao huongezeka pale ambapo kuta za nje huchimbiwa mfereji mpana kuliko za ndani.

Ukitaka kugeuza mita za ukuta kuwa tofali: tofali la saruji ambalo uso wake pamoja na mchanganyiko wa saruji wa kuunganishia ni milimita 450 kwa 225 huenda karibu 10 kwa kila mita ya mraba. Mita moja ya urefu yenye kimo cha mita 3 ni kama tofali 30 kabla ya zinazovunjika. Zidisha kwa bei ya tofali la unene husika, la nje kando na la ndani kando. Usichanganye.

Jambo la kuzingatia ni kile kilichonunuliwa na kuta hizo. Mita 7.5 zaidi za ukuta wa ndani kwenye mstatili zimekupa stoo, na zimekupa korido inayofunika vyumba. Kwenye L kuta za ndani zimepungua kwa sababu stoo haipo na sebule imegeuzwa njia.

Maji taka ndiyo yanayotofautisha hasa

Kwenye mstatili, jiko na vyoo viwili vimekaa bega kwa bega kwenye ukuta wa nyuma, ndani ya urefu wa mita 6 hivi. Bomba moja la maji taka linapita nje sambamba na ukuta huo, kila chumba kinaingia humo kwa kipande kifupi, na maji safi nayo hufuata njia hiyohiyo.

Kwenye herufi L, jiko na choo cha wote viko mwisho wa kulia, choo cha chumba kikuu kiko mwisho wa kushoto. Kati yao kuna zaidi ya mita 9. Upande wa nyuma bawa la vyumba limeziba njia, kwa hiyo bomba lipite chini ya sakafu ya bawa hilo, ambako likiziba utavunja sakafu, au lizunguke mbele ya nyumba. Kwa mteremko wa 1:40, ambao ni wa kawaida kwa bomba la milimita 100, kila mita 12 za bomba zinashuka sentimita 30. Mfereji unazidi kwenda chini, chemba zinaongezeka kila bomba linapogeuka, na shimo la maji taka linaanza kwa kina zaidi. Njia nyingine ni kujenga mashimo mawili. Muombe fundi bomba bei ya njia zote kabla ya kukubali ramani, kwa sababu mara nyingi gharama hii haimo katika makadirio ya "kwa mita ya mraba" unayoambiwa mwanzoni.

Paa

Mstatili unafunikwa na miteremko miwili na mgongo mmoja. Bati zote zinakatwa kwa mraba. Udhaifu wake ni kwamba kenchi zinaruka mita 8, hivyo mbao ni ndefu na nzito zaidi, na inapowezekana kenchi zipumzike juu ya ukuta wa korido ulio karibu na katikati. Hilo lazima lichorwe, si la kuamuliwa juu ya ngazi.

Herufi L ina kenchi fupi, mita 4.5 na mita 6. Lakini mabawa yakikutana, miteremko miwili huunda bonde kwenye kona ya ndani. Bati za hapo hukatwa kwa mshazari na vipande vingi hutupwa, na maji ya miteremko yote miwili hukimbilia mahali hapo pamoja. Bonde linahitaji bati pana lililokunjwa chini yake, lisiwe na maungio yanayotazama mkondo. Paa la L likivuja, anza kukagua hapo. Kwa eneo lenyewe tofauti ni ndogo: ukiacha kingo za sentimita 60 kila upande, kwa kutazama kutoka juu, mstatili ni kama mita za mraba 121 na L 126.

Kiwanja, na kujenga kwa awamu

Kama kanuni za mahali pako zinadai kuacha mita 3 kila upande, mstatili unahitaji angalau mita 18 kwa 14, herufi L mita 20 kwa 16. Kwenye kiwanja kidogo ulinganisho unaishia hapo.

Ila herufi L ina uwezo mmoja ambao mstatili hauna. Bawa la mbele peke yake, mita za mraba 63, ni nyumba inayokalika: chumba kikuu, sebule, jiko na vyoo viwili. Bawa la nyuma, mita za mraba 33, linaweza kusubiri. Kwa anayejenga kadiri pesa inavyopatikana, hii inaweza kuzidi uzito kila kitu nilichokwisha kusema. Lakini iandaliwe tangu siku ya kwanza. Misingi ya mabawa yote ijengwe pamoja ikiwezekana, kwa sababu nyumba iliyokwisha kutulia na nyumba mpya hazizami kwa kiasi kimoja, na ufa hutokea kwenye maungio. Linta ya mdomo wa korido iwekwe sasa, uwazi uzibwe kwa tofali zitakazotolewa baadaye. Na paa la awamu ya kwanza lichorwe likijua paa la pili litaingilia wapi.

Ukiwa na fedha ya kumaliza kwa mkupuo mmoja, familia yenye watoto wakubwa na kiwanja cha kawaida, mimi ningekushauri mstatili, na ningemwomba mchoraji ausogeze ukuta kati ya vyoo viwili na chumba kikuu ili kabati lipate mahali. Ukijenga kwa awamu kwenye kiwanja kipana, chukua L, lakini usiichukue kama ilivyo. Bawa la nyuma lirefushwe kwa mita 1.65, choo cha wote kihamie humo kikipakana na jiko kwa mgongo, mlango wake ufungukie korido. Jiko litapata nafasi iliyoachwa na choo na kufika mita 2.55 kwa 4.1. Nyumba itakuwa mita za mraba kama 106, ukuta wa nje mita 51.3, na awamu ya kwanza itabaki na choo kimoja tu, kile cha chumba kikuu. Mchoraji akirudisha picha mpya, kina cha nyumba kisomeke 11650, na mlolongo wa pembeni ufike hapo.